Kukosoa Picha Usiyoiona: Maswali Kuhusu Kueleza Mwanga, Fremu na Fokasi

Kwa nini mtu aombe maoni bila kutuma picha yenyewe?

Mara nyingi kwa sababu picha si yake peke yake. Aliyepigwa hajakubali sura yake ifike kwa watu asiowajua, au ni picha za harusi ambazo familia imesema zisitoke nje. Wengine wanapiga filamu ambayo bado haijasafishwa, na wanachoweza kueleza ni kile walichokiona kupitia kamera. Wengine wako kazini, jua linapanda, na wanahitaji mtu wa kuwasaidia kwa simu sasa hivi. Wote hawa wanaweza kusaidiwa. Makosa mengi ya mwanga, fremu na fokasi huacha alama, na alama inaelezeka kwa maneno.

Nieleze nini hasa? Nikisema picha imetoka vibaya haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu hiyo ni hukumu, na anayekusikiliza hana ushahidi wowote mkononi. Kijana mmoja anayepiga picha Nungwi, kaskazini mwa Unguja, aliniandikia hivi: "Nimempiga fundi wa majahazi akiwa kazini. Uso mweusi, halafu picha ina ukungu, na nyuma kumevurugika." Kutoka hapo ningeweza kubahatisha tu. Nilimwomba aiangalie tena picha na aniambie anachokiona, asinipe kwanza maoni yake. Jibu lake la pili ndilo tutakalolitumia katika ukurasa huu wote:

"Fundi yuko ndani ya banda la makuti lililo wazi upande wa bahari. Ameinamia ubao, tezo iko mkononi, uso umenielekea. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Mimi nilisimama ndani, nikitazama baharini, hatua mbili kutoka usoni kwake. Nyuma yake ni mchanga na maji, vyeupe kabisa, sioni mawimbi. Usoni macho ni giza, hayana ile nukta nyeupe ya mwanga. Sikio na bega lililo kushoto kwa anayetazama vina mstari mwembamba unaong'aa. Tezo na vidole viko vizuri mpaka naona nyuzi za mbao, lakini nyusi na ndevu sioni unywele mmoja mmoja. Kutoka kwenye tezo mpaka machoni ni kama sentimita 30. Upeo wa bahari unapita kwenye masikio yake. Mpini wa tezo umekatwa na ukingo wa chini. Lenzi ya milimita 50, f/1.8, 1/2500, ISO 100. Nilitaka watu waone sura yake anavyoikazia macho kazi."

Sentensi ya mwisho usiiache kamwe. Picha ya sura na picha ya mikono hukosolewa tofauti. Kama angekuwa anataka mikono tu, fokasi iliyoshika tezo isingekuwa kosa hata kidogo.

Mwanga nitauelezaje? Najua tu kusema ni mkali au ni hafifu.

Tazama vivuli kabla ya kutazama mwanga. Kivuli cha pua kinaangukia wapi? Kikishuka moja kwa moja kuelekea mdomoni, na mashimo ya macho yakawa meusi, mwanga unatoka juu ya kichwa. Kwetu pwani hali hiyo ni ya kila siku, kwa sababu jua hukaribia utosi na kilele chake huja kati ya saa sita na saa saba mchana. Kivuli cha pua kikilalia shavu moja, mwanga unatoka upande wa pili. Kama pua haina kivuli kabisa, ama mwanga unatoka mbele kabisa, ama umetawanyika, kama siku ya mawingu.

Kisha tazama ukingo wa kivuli. Ukingo uliokatika kama umechorwa kwa wembe unaonyesha chanzo cha mwanga kilicho kidogo machoni pa mhusika: jua tupu, balbu moja, fleshi ya kamera. Ukingo unaoyeyuka polepole unaonyesha chanzo kikubwa: dirisha la karibu, ukuta mweupe uliopigwa na jua, mbingu yenye mawingu.

Halafu ingia ndani ya macho. Ile nukta nyeupe ni taswira ya chanzo cha mwanga chenyewe, kwa hiyo umbo lake na mahali ilipo vinasema mengi. Nukta ya mraba iliyo juu kushoto ni dirisha la upande huo. Ikikosekana kabisa, hakuna kitu chenye mwanga wa kutosha mbele ya mhusika, na macho yataonekana yamekufa hata ukiyang'arisha baadaye kwenye kompyuta.

Ukitaja upande, sema "kushoto kwa anayetazama picha". Usiseme tu "kushoto kwake", maana mtu akikuelekea, kushoto kwake ni kulia kwako. Na mtindo wa kuonyesha mwelekeo kwa saa uepuke. Ukimwambia mtu mwanga unatoka saa nne, hajui kama unamaanisha tarakimu 4 kwenye saa ya ukutani au mahali mshale unapokaa saa nne asubuhi, penye tarakimu 10.

Kwa fundi wa Nungwi, maelezo ya mwanga yalionyesha nini?

Vitu vitatu vilikubaliana. Mstari unaong'aa kwenye sikio na bega unamaanisha mwanga unatoka nyuma yake. Macho bila nukta yanamaanisha mbele yake, yaani ndani ya banda alikosimama mpiga picha, kulikuwa na giza. Na mchanga uliogeuka mweupe bila alama yoyote umeungua, yaani kamera ilipokea mwanga kupita uwezo wake wa kuutofautisha.

Banda lililo wazi upande mmoja linaweza kwa urahisi kuwa na mwanga pungufu mara 16 kuliko mchanga ulio nje juani. Kamera ikiachwa iamue yenyewe, hutafuta katikati: uso unapata robo ya mwanga unaouhitaji, mchanga unapata mara nne zaidi ya unaouhitaji. Ndiyo maana alipata hasara pande zote mbili, uso mweusi na bahari isiyo na mawimbi. Hakuna namba ya kamera inayoweza kuponya hali hiyo peke yake. Akiufungulia uso, bahari inapotea kabisa. Akiilinda bahari, fundi anakuwa kivuli cheusi.

Kwa hiyo dawa yake iko miguuni. Atoke mahali alipo, azunguke robo duara, asimame ubavuni mwa fundi ili upande wa wazi wa banda uwe kulia au kushoto kwake badala ya kuwa mbele yake. Hapo, fundi akimgeuzia uso, mchanga wa nje unafanya kazi ya dirisha kubwa: mwanga unaingia kwa ubavu, unalalia shavu moja, na kivuli kinaanguka taratibu upande wa pili. Nyuma ya fundi panakuwa na mbao za jahazi, ambazo ni nyeusi, na sura inajitokeza. Kama kazi yake inamruhusu kugeuka, ni adabu kuomba: "Shikamoo mzee. Samahani, naomba ugeukie upande huu kidogo, ukimaliza huo ubao." Akishakuelekea, akigeuza uso nyuzi chache zaidi kuelekea baharini, nukta nyeupe itaonekana machoni. Hiyo ndiyo alama ya kuitafuta kabla ya kubonyeza.

Picha ikiwa na ukungu, nitajuaje ni fokasi, ni mkono uliotikisika, au ni mhusika aliyesogea?

Hapa ndipo watu wengi hutibu ugonjwa usio wao. Wananunua stendi ya kamera wakati tatizo ni fokasi, au wanalaumu lenzi wakati mkono ndio uliotikisika. Kuza picha kwenye skrini, kisha jiulize swali moja: kuna kitu chochote ndani ya fremu kilicho kikali?

Kama kipo, mbele au nyuma ya mhusika, na kinakaa katika umbali mmoja, basi fokasi ilishika kitu hicho badala ya kushika ulichokitaka. Kama hakuna kitu kikali popote, na kila nukta ya mwanga imevutwa kuwa kijistari kinachoelekea upande uleule, kamera ilitikisika. Kama kuta na viti viko kali lakini mkono au mtoto anayekimbia amevutwa, mhusika ndiye aliyesogea na shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ilikuwa ya polepole. Kuna na hali ya nne, hasa kwenye simu: picha nzima ina weupe kama maziwa na taa zote zina duara la mwangaza. Hiyo kwa kawaida ni alama ya kidole kwenye lenzi. Ifute kwa kitambaa laini kabla ya kuandika swali.

Kijana wa Nungwi alidhani mkono wake ulitikisika. Namba zake zilikataa. Kwa lenzi ya milimita 50, kanuni ya zamani ya wapiga picha ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko 1/50 ya sekunde ukishika kamera mkononi. Yeye alikuwa kwenye 1/2500, kasi ambayo mtikisiko wa kawaida wa mkono hauonekani. Tena tezo na vidole vilikuwa vikali. Basi fokasi ilishika tezo, iliyokuwa karibu zaidi na kamera.

Kama tezo iko kali, mbona uso ulio sentimita 30 tu nyuma yake umepotea?

Kwa sababu ya f/1.8, namba inayoonyesha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Tundu la lenzi likifunguliwa sana, eneo linaloonekana kali huwa jembamba. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 24 kwa 36, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mhusika, eneo hilo lina unene wa takriban sentimita 10 kwa f/1.8: tano mbele ya mahali uliposhikisha fokasi na tano nyuma yake. Uso wa fundi ulikuwa mbali sana na hapo. Kwa f/4 unene unafika kama sentimita 22, na kwa f/5.6 kama sentimita 30.

Ukizitazama namba hizo utaona kwamba hata f/5.6 isingeokoa uso kama fokasi ingebaki kwenye tezo, maana ingempa sentimita 15 tu upande wa nyuma. La kwanza ni kuhamisha nukta ya fokasi iende kwenye jicho lililo karibu na kamera. La pili ni kufunga tundu mpaka f/4, ili uso wote, kuanzia ncha ya pua hadi karibu na sikio, uwe salama. Tezo italainika kidogo, na kwa picha ya sura sioni ubaya wowote. Jicho la mtazamaji litakwenda usoni kwanza, halafu litashuka mkononi.

Nikifunga tundu, si picha itazidi kuwa nyeusi?

Ndiyo, na ndiyo sababu lazima uzitaje namba zote tatu kwa pamoja: tundu, shata na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga. Kutoka f/1.8 kwenda f/4 mwanga unapungua karibu mara tano. Uso wenyewe ulikuwa unahitaji mwanga mara nne zaidi. Tano mara nne ni ishirini, kwa hiyo palepale alipokuwa amesimama, shata ingepaswa kushuka kutoka 1/2500 hadi 1/125 kwa ISO 100.

Lakini 1/125 ni polepole mno kwa mkono unaopiga tezo, ungevutika. Apandishe ISO hadi 400, kisha shata iwe 1/500. Mwanga unabaki uleule, mkono unasimama. Akishahamia ubavuni uso utapata mwanga zaidi kuliko mwanzo, hivyo aanze na f/4, 1/500, ISO 400, apige moja, akuze skrini aangalie paji la uso. Likiwa limeng'aa mpaka ngozi haionekani, aongeze kasi ya shata. Asiguse tundu.

Fremu nayo? Sitaki kuandika insha kuhusu kila kilichomo.

Anza na kingo nne. Tembeza macho kuzunguka ukingo wa picha na utaje kila kinachougusa au kukatwa nao. Mpiga picha akiwa na shauku hutazama katikati, na makosa hukaa pembezoni: mpini uliokatwa, kiwiko kilichoachwa nje, nusu ya mtu anayepita. Mpini wa tezo uliokatwa ni kosa la maana hapa, kwa sababu bila mpini mtazamaji haoni mkono unafanya nini. Hatua moja nyuma ingeliondoa.

Baada ya kingo, gawanya fremu kwa mawazo kuwa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Simu nyingi na kamera nyingi huonyesha mistari hiyo ukiiwasha. Taja macho yako kwenye kisanduku gani na kichwa kinajaza visanduku vingapi. Hilo linatosha. Sikulazimishi kuweka macho kwenye makutano ya mistari. Visanduku hivi ni anwani tu, ili mimi na wewe tuzungumzie mahali pamoja.

Halafu taja upeo, kama upo, unakata mwili wa mhusika wapi. Watu wanaupuuza, lakini unafichua urefu wa kamera. Upeo wa bahari hupita kwenye kila kitu kilicho sawa na urefu wa lenzi yako. Ukipita masikioni mwa fundi, najua bila kuiona picha kwamba lenzi ilikuwa usawa wa masikio yake. Na mstari mnyoofu unaoingia sikio moja na kutokea jingine unamkata mtu kichwa. Akichuchumaa na kuishusha kamera sentimita 40 hivi, upeo utashuka kifuani na kichwa kitabaki na mbingu tupu nyuma yake. Kwa fundi wetu mbingu hiyo ingekuwa nyeupe zaidi na kuzidisha tatizo la mwanga, ndiyo maana nilishikilia ushauri wa kuzunguka. Kwa picha ya jioni ufukweni, kuchuchumaa ndilo jibu.

Alisema "nyuma kumevurugika". Hilo nalo si maelezo?

Ni hukumu nyingine. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwaweka wateja waliovaa nguo za maua mbele ya vitambaa vyenye maua pia. Ukieleza picha zake kwa neno "vurugu", mtu atakushauri utafute ukuta mtupu, na picha itakufa. Alichokifanya ni kuacha uso na mikono viwe sehemu pekee zisizo na maua, na jicho likatua hapo.

Badala ya kuhukumu, taja kilichoko nyuma kilicho cheupe kuliko uso, kilicho na rangi kali kuliko nguo za mhusika, au kinachoonekana kuotea kichwani mwake, kama nguzo au mnazi. Kijana alipoulizwa, kilichomsumbua kilikuwa ndoo moja nyekundu mchangani. Ndoo inasogezwa.

Mimi natumia simu. Haya yananihusu?

Mwanga na fremu vinakuhusu vilevile. Fokasi ni tofauti, kwa sababu kihisi cha simu ni kidogo na karibu kila kitu hutoka kikali. Ukungu wa nyuma unaotokea ukichagua hali ya picha za watu hutengenezwa na programu. Kwa hiyo sema kama uliiwasha. Dalili zake ni ukungu unaoanza ghafla kwenye nywele, sikio lililofutika nusu, au mpini wa tezo ulioyeyuka wakati mkono ulioushika uko kali. Dawa ni kuizima hali hiyo na kurudia.

Taja pia ulikuwa umbali gani kutoka usoni, kwa mkono au kwa hatua. Pua iliyovimba na masikio yaliyorudi nyuma hutokana na kusogea karibu mno. Rudi hatua mbili, kisha kuza.

Namba za kamera nazipata wapi?

Kwenye simu, fungua picha kwenye galari kisha uivute juu au uguse alama ya maelezo. Zisome kwenye faili la asili, kwa sababu picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa hizo.

Anayetoa maoni ajibu vipi?

Aseme alama aliyoisoma, sababu anayoidhani, badiliko moja, na kitu ambacho mpiga picha atakiona likifanikiwa. Jibu nililompa kijana lilikuwa hivi: "Macho hayana nukta na bega lina mstari wa mwanga, kwa hiyo mwanga uko nyuma yake. Zunguka mpaka mbao za jahazi ziwe nyuma ya kichwa chake, umwombe akuelekee. Shikisha fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, f/4, 1/500, ISO 400. Rudi hatua moja mpini uingie wote. Usibonyeze mpaka uone nukta nyeupe jichoni." Nilitaja namba na fremu pia kwa sababu alikuwa anarudi bandani asubuhi iliyofuata. Angekuwa ndiyo anaanza, ningeishia kwenye kuzunguka.

Kuna kitu kisichoweza kukosolewa kwa njia hii?

Kipo. Siwezi kukuambia kama umebonyeza kwa sekunde inayofaa, au kama sura ya fundi ina umakini au uchovu. Hapo nitakuuliza tu wewe unaona nini, na jibu lako ndilo litakalobaki.

Rangi iko katikati. Usiniambie ngozi imetoka ya ajabu. Tafuta kitu unachojua ni cheupe ndani ya picha, kanzu au kofia, uniambie kimeelekea rangi gani. Kikiwa cha buluu, mhusika yumkini alikuwa kivulini chini ya mbingu isiyo na mawingu. Kikiwa cha kijani, nitakuuliza kama mlikaa chini ya mwembe. Kikiwa cha manjano ilhali ni mchana, kuna balbu imewashwa mahali. Izimwe, picha irudiwe.